Mbwa Akisema "Leo Ni Siku Yangu"

Kapsheni ya siku ya kuzaliwa ya mnyama wa nyumbani ni maneno machache yanayowekwa chini ya picha ya mbwa, paka au sungura siku anapotimiza mwaka, yakiandikwa kana kwamba mnyama mwenyewe ndiye msemaji. Aliyeshika simu ni mama wa nyumba au mmoja wa watoto, lakini "mimi" wa sentensi ni mnyama. Kila msomaji analijua hilo na hakuna anayedanganyika. Mchezo wote umesimama juu ya makubaliano hayo: mwandishi anajificha nyuma ya mnyama, na msomaji anajifanya hamwoni.

Ni utungo mdogo mno, mara nyingi sentensi mbili au tatu, na pengine ndiyo sababu watu huuandika bila kuufikiria. Kapsheni nyingi za aina hii zinafanana: mbwa anashukuru, anajitakia maisha marefu, anawapenda wote. Likibadilishwa jina, maneno yaleyale yatamfaa mbwa wa jirani, na hata mjomba. Kapsheni iliyoandikwa vizuri haihamishiki hivyo. Inamhusu mnyama mmoja, wa nyumba moja, katika picha moja.

Desturi ya kumpa mnyama maneno ya kusema ni ya zamani kuliko kamera. Katika miaka ya 1730 mshairi Mwingereza Alexander Pope alitunga mistari miwili ya kuchongwa kwenye kola ya mbwa aliyempa Frederick, mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa na makazi Kew, kando ya London. Msemaji wa mistari hiyo ni mbwa. Anamtaja bwana wake, kisha anamgeuzia msomaji swali kuhusu bwana wake yeye. Ujanja wake uko hapo. Ili kusoma kola mtu lazima ainame karibu na mbwa wa mwana wa mfalme, na waliofika karibu kiasi hicho walikuwa watu wa ikulu, wengi wao wakiishi kwa fadhila za wakubwa. Mshairi angewaambia usoni kwamba nao wamefungwa kola, angejitafutia ugomvi. Mbwa akiwaambia, wanacheka.

Picha zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida, maneno yalifuata haraka. Katika miaka ya 1870, mpiga picha Harry Pointer wa mji wa Brighton, Uingereza, alikuwa akiuza kadi ndogo za picha za paka. Mwanzoni aliwapiga wakiwa katika hali yao ya kawaida, wamelala au wanakunywa maziwa. Baadaye akagundua kwamba picha isiyo na jambo kubwa hupata uhai ikiandikwa neno chini yake, liwe salamu au agizo la kuletewa chakula. Kufikia mwaka 1884 alikuwa ametoa picha zipatazo 200 za namna hiyo. Ugunduzi wake ndio unaotumika hadi leo kila mtu anapopakia picha ya paka aliyekaa tu kwenye kiti.

Sherehe ya kuzaliwa iliingia katika historia hii kwa bahati, Marekani, mwaka 1906. Inasimuliwa kwamba familia ya Harry Whittier Frees ilikuwa mezani ikisherehekea siku ya kuzaliwa, watu wakipokezana kofia ya karatasi, na kofia hiyo ikaishia kichwani mwa paka wa nyumbani. Frees akampiga picha. Kuanzia hapo alijenga kazi ya maisha yake yote: postikadi, kalenda na vitabu vya watoto vyenye paka na watoto wa mbwa waliovalishwa nguo, wakifua, wakipika, wakiandika barua. Haikuwa kazi rahisi kama picha zinavyoonyesha. Kamera ya wakati ule ilimlazimu mnyama atulie kwa moja ya tano ya sekunde, muda mrefu kwa mtoto wa paka, na Frees mwenyewe alieleza kwamba theluthi mbili ya picha zake ziliharibika. Uchovu wake ulimfanya apige picha miezi mitatu tu kwa mwaka.

Mtandao haukubuni jambo jipya ila uliongeza kasi. Mwanzoni mwa 2007 ilianzishwa huko Hawaii tovuti iliyokusanya picha za paka zenye maneno makubwa, yakiandikwa kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi, kana kwamba paka amejifunza lugha kwa kusikiliza mlangoni. Miaka mitatu baadaye, Julai 16, 2010, mwanzilishi wa Instagram Kevin Systrom alijaribu programu yake kwa picha ya mbwa aliyemkuta Mexico, miezi kadhaa kabla haijafunguliwa kwa umma Oktoba mwaka huo. Neno aliloliweka chini ya picha lilimaanisha "jaribio" tu. Mbwa yule hakupewa nafasi ya kusema chochote, jambo ambalo leo lingeonekana ni uzembe.

Kwa nini familia izungumze kwa kinywa cha mnyama badala ya kusema yenyewe? Mwanaisimu Deborah Tannen wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, alilijibu swali hili katika makala aliyochapisha mwaka 2004. Alitumia mazungumzo ya familia zilizokubali kujirekodi nyumbani kwa siku kadhaa, akakuta kwamba watu huwasemea mbwa wao mara kwa mara, bila kamera wala wageni. Mama anayemkaripia mtoto kwa kuacha vitu ovyo hubadili sauti ghafla, akasema kama mbwa anayelalamika. Mke na mume waliokuwa wakivutana hupata mahali pa kucheka bila yeyote kati yao kukiri kosa. Onyo lililosemwa na mbwa halichomi kama lililosemwa na mke.

Hili linaeleza kwa nini kapsheni bora za siku ya kuzaliwa huwa na jambo la nyumbani ndani yake. Paka anayesema kwamba zawadi aliyoitaka ni baba kuacha kukalia kiti chake, anamsema baba. Mbwa anayeuliza kwa nini dada mkubwa hajaja siku hizi tangu aolewe, anapeleka salamu za mama kwa binti yake, na binti atazipokea vizuri zaidi kuliko simu ya lawama. Mnyama hapo ni mshenga. Kapsheni isiyobeba ujumbe wowote wa namna hiyo si kosa, ila huwa nyepesi, na ndugu wakishaipitia hawaikumbuki.

Lakini siku ya kuzaliwa ina ugumu wake. Mnyama hajui kwamba siku hiyo ipo. Anaona watu wamekusanyika, moto mdogo unawaka juu ya kitu chenye harufu, wote wanaimba wakimtazama yeye, kisha mmoja anauzima moto kwa kuupuliza. Mwandishi ana njia mbili. Ya kwanza ni kumwacha mnyama katika kutojua kwake, ashangae mambo ya binadamu. Ya pili ni kumpa cheo katika jamaa: mlinzi anayedai mshahara, mwenye nyumba anayewavumilia wapangaji, mzee anayetaka heshima yake. Njia zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni kuzichanganya, kwa sababu mbwa ambaye sentensi ya kwanza hajui keki ni nini hawezi katika sentensi ya pili kunung'unikia bei ya nyama.

Tarehe yenyewe pia inahitaji kutafutwa. Mbwa na paka wengi wa Afrika Mashariki hawakununuliwa kwa wafugaji wenye vyeti. Walitoka kwa jirani, au waliokotwa. Kama kadi ya chanjo ipo, inasaidia: mtoto wa mbwa kwa kawaida huchanjwa kichaa cha mbwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kwa hiyo kurudi nyuma miezi mitatu kutoka tarehe hiyo kunatoa makadirio yanayokubalika, mradi alichanjwa kwa wakati. Bila kadi, meno husema kiasi. Meno ya utoto huanza kutoka akiwa na wiki tatu au nne, na ya ukubwa huwa yametimia akiwa na miezi sita au saba. Akishapita hapo, daktari wa mifugo hukisia kwa uchakavu wa meno, na kisio hilo huweza kukosea kwa miaka. Familia nyingi huamua kuadhimisha siku mnyama alipoletwa nyumbani. Uamuzi huo una faida kwa mwandishi, maana siku hiyo ina kisa cha kweli: alikuja ndani ya boksi la nini, nani alikataa asifugwe, nani sasa analala naye.

Umri nao huleta hesabu ambayo watu wengi huifanya vibaya. Kanuni ya kuzidisha mara saba imeenea kila mahali na haiendani na ukuaji wa mnyama. Mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuzaa, jambo ambalo mtoto wa miaka saba haliwezi. Makadirio wanayotumia madaktari wa mifugo huuhesabu mwaka wa kwanza kama miaka 15 hivi ya binadamu, wa pili huongeza kama 9, na kila mwaka unaofuata huongeza minne au mitano kwa mbwa wa ukubwa wa kati. Mbwa wakubwa huzeeka haraka zaidi. Paka huanza vivyo hivyo, 15 kisha 24, halafu minne kila mwaka, kwa hiyo paka wa miaka mitano anakaribia 36. Ni makadirio tu, lakini kwa kapsheni yanatosha, na yanafungua mlango wa utani ambao mara saba hauufungui.

Baada ya tarehe huja mwili. Msemaji ana pua, ulimi, macho na masikio yasiyofanana na ya mwandishi, na hapa ndipo kapsheni nyingi hujisaliti. Mfano ulio wazi zaidi ni paka anayesifia utamu wa keki. Paka hawaonji utamu. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni moja kati ya zinazohitajika kuunda kionja utamu imeharibika kwa paka, wa nyumbani na hata chui milia na duma wa jamii yake. Paka anayelamba krimu anafuata mafuta. Mwandishi anayejua hilo anapata kapsheni iliyo bora kuliko "asanteni kwa keki tamu": paka anaweza kulalamika kwamba wameoka kitu kisicho na ladha, wakakiwashia moto, na samaki wamemficha kwenye friji.

Mbwa anaonja utamu, ila rangi zake si zetu. Ana aina mbili za chembe za kutambua rangi machoni, wakati binadamu wengi wana tatu, na anachotofautisha vizuri ni bluu na manjano. Utepe mwekundu unaomeremeta kwa watoto, kwake ni wa kahawia iliyofifia. Mbwa asifie utepe wake mwekundu? Msomaji wa kawaida hatajali, na si lazima kila kapsheni ipite mtihani wa baiolojia. Faida yake ni nyingine. Mwandishi akimnyima mbwa macho ya binadamu, analazimika kumtumia pua, na pua ndiyo inayoleta mambo mahususi: harufu ya mkono wa mtoto aliyekula mandazi, mgeni aliyekanyaga alikopita paka, sufuria ya supu iliyofunikwa tangu asubuhi.

Kuna hisia moja ambayo mbwa husingiziwa sana, nayo ni majuto. Picha ya mbwa aliyeinamisha kichwa kando ya keki iliyomegwa, ikiwa na maneno "najua nimekosa, nisameheni", ni ya kawaida. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio lililofanywa kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza asile kitu kitamu, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa ametii au hapana, ila nyakati nyingine alichoambiwa hakikuwa kweli. Ile sura tunayoiita ya majuto ilijitokeza zaidi mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Sura hiyo ni jibu kwa sauti na uso wa bwana wake. Kapsheni ya kweli zaidi chini ya picha kama hiyo ingemfanya mbwa aseme kwamba haelewi keki imefanya nini hadi watu wapige kelele.

Mfano huo unaonyesha sharti ambalo linazidi mengine yote: maneno yasiipinge picha. Mwandishi anaanza na picha, si na sentensi. Mbwa mwenye hofu ana dalili ambazo mtu hujifunza kuzitambua kwa muda mfupi. Masikio yamelala nyuma, anageuza kichwa pembeni, analamba pua ingawa hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi, na weupe wa jicho unaonekana ukingoni. Paka hulaza masikio kando na kujikunyata, mkia ukipigapiga chini. Sherehe huzaa dalili hizo kwa urahisi, kwa sababu huleta kofia yenye lastiki chini ya kidevu, watoto wanaokumbatia shingo, na puto linalopasuka karibu na masikio makali. Maneno "siku bora maishani mwangu" chini ya picha ya mbwa wa namna hiyo humchekesha asiyejua na kumsikitisha anayejua. Kuna ubaya zaidi: mtoto aliyezoea kusoma hofu kama furaha ndiye atakayemkumbatia mbwa mwingine na kung'atwa.

Yote haya yanaonekana vizuri zaidi kazi ikifuatwa hatua kwa hatua. Tuchukue familia ya kubuni yenye mbwa koko aitwaye Simba, wa ukubwa wa kati, anayelinda geti usiku na kulala mchana chini ya mwembe. Anatimiza miaka sita. Watoto watatu, mkubwa akiwa kidato cha tatu, wamemvalisha kofia ya karatasi na kumweka mbele ya keki. Picha imepigwa: masikio nyuma, kichwa kimegeukia ukuta. Binti mkubwa anaandika jaribio la kwanza:

"Hongera kwangu! Leo nina furaha isiyo kifani. Namshukuru Mungu kwa kuniongezea mwaka mwingine. Asanteni mama na baba kwa malezi bora na keki tamu. Nawapenda wote!"

Hakuna kosa la lugha hapo, na hakuna Simba. Huyu ni mgeni rasmi aliyepewa kipaza sauti. "Malezi bora" ni maneno ya risala ya mahafali, furaha anayoitaja haimo kwenye picha, na neno "wote" halimgusi yeyote. Jaribio la pili linaitazama picha:

"Wamenifunga karatasi kichwani na kuwasha moto juu ya chakula. Nikibweka wananiambia ninyamaze. Mlinzi gani anayekatazwa kupiga kelele moto ukiwaka?"

Sasa kuna msemaji. Anaona kofia kama karatasi na mshumaa kama moto, kwa hiyo kutojua kwake kunafanya kazi, na ulinzi wake umeingia bila kutangazwa. Hata masikio yaliyolala nyuma yamepata maelezo ya kweli, kwamba hakufurahi. Kapsheni hii ingetosha. Tatizo lake ni picha, ambayo bado ni ya mbwa aliyebanwa. Familia ikiamua kumvua kofia na kumpiga upya akiwa amejilaza mwenyewe getini, mfupa wa ng'ombe mbele yake, masikio yamelegea, maneno ya moto na karatasi hayana tena pa kushika. Inabidi atafutiwe jambo lingine, na hapo hesabu ya umri inasaidia. Miaka miwili ya kwanza ni 24. Minne iliyobaki, kwa minne au mitano kila mmoja, ni 16 hadi 20. Simba ana miaka 40 hadi 44 ya binadamu, na watoto wanaopita mbele yake kila asubuhi wakienda shule ni wadogo kwake:

"Leo natimiza miaka sita. Kwa hesabu za mbwa nimepita arobaini. Ninyi watoto mnaopita getini, shikamoo yangu iko wapi?"

Kapsheni hii inashinda zile mbili kwa sababu utani wake unatoka katika adabu ya nyumbani ambayo msomaji ameishi nayo. Shikamoo inadaiwa na mkubwa kwa mdogo, na kila mtu amewahi kukumbushwa na shangazi mlangoni. Mbwa aliyechukua nafasi ya shangazi anachekesha bila kuelezwa. Geti limo kwenye maneno na limo kwenye picha. Watoto wameguswa, na ndio watakaojibu kwanza. Utungo wenyewe una herufi 117 ukihesabu na nafasi, jambo lenye maana ya kivitendo: Instagram inaruhusu herufi 2,200 katika kapsheni, lakini mtu anayepitisha kidole kwenye simu kwa kawaida huonyeshwa kama 125 za mwanzo tu kabla maandishi hayajakatwa. Kichekesho kilichowekwa mwishoni mwa aya ndefu hakimfikii.

Namna mnyama anavyowaita watu wa nyumbani nayo inampa nafasi yake. Waandishi wengi humfanya amwite mwenye nyumba "mama" na "baba", na humo ndani anakuwa kitinda mimba. Akiwaita "bosi" au "tajiri", yeye ni kibarua na ana haki ya kudai posho. Paka aliyezoea kulala juu ya gazeti la babu anafaa kumwita "mzee mwenzangu". Kumwita mwanamke "Mama Neema", kama majirani wanavyomwita, kunamfanya paka mtu wa mtaa anayekuja kuazima chumvi, na kwa paka anayekula nyumba mbili si mbali na ukweli. Kinachoshinda kuchekesha ni kutafsiri misemo ya Kiingereza ya mitandao, ambako mwenye mnyama huitwa "binadamu wangu". Kwa Kiswahili maneno hayo yanasikika kama ya kiumbe kutoka sayari nyingine.

Lugha ya kitoto, yenye tahajia iliyovunjwa kwa makusudi, hutumika pia na hudumu kwa mnyama mchanga tu. Mbwa wa miaka kumi anayeandika kama mtoto wa chekechea anachosha. Emoji mbili au tatu hazina neno; zikiwa kumi, ni dalili kwamba sentensi haikuweza kusimama peke yake.

Chakula kinachoonekana kwenye picha kinastahili kuangaliwa kabla ya kupakiwa, maana watazamaji huiga. Chokoleti, zabibu kavu, vitunguu na peremende zisizo na sukari zilizotiwa zailitoli ni sumu kwa mbwa, na keki ya dukani inaweza kuwa na moja au zaidi ya hizo. Kapsheni inayomwonyesha mbwa akimaliza keki ya chokoleti peke yake ni taarifa ya ugonjwa, hata ikichekesha vipi. Mfupa uliopikwa nao hupasuka vipande vyenye ncha, hivyo mfupa wa Simba katika mfano ule unapaswa kuwa mbichi na mkubwa.

Kuna siku sauti hii inakataa kutumika. Mnyama akiwa mgonjwa mahututi, utani wake unageuka mzigo kwa wanaomuuguza. Akiwa amekufa, wengine huendelea kumwandikia kila mwaka, akisema kutoka alikokwenda. Inawezekana, lakini sauti ya mnyama inabebwa na mambo madogo ya siku hiyo, kama harufu ya sufuria au mlango uliofungwa, na marehemu hana tena mambo hayo. Mara nyingi kilicho bora siku hiyo ni mwenye mnyama kuandika kwa jina lake mwenyewe.

Limebaki la usalama. Jina la mnyama wa kwanza ni mojawapo ya maswali ambayo baadhi ya huduma za mtandaoni huuliza mtu anaposahau nywila, na jina hilo likiunganishwa na mwaka ni nywila ambayo watu wengi huitumia kweli. Kapsheni ya siku ya kuzaliwa hutoa vyote viwili kwa pamoja, tarehe ikiwa imeandikwa juu ya picha. Mwenye ukurasa ulio wazi kwa kila mtu aandike jina la utani la mnyama badala ya lile alilolijaza kwenye akaunti ya benki, au abadilishe nywila kwanza ndipo amwache Simba adai shikamoo yake.